Taa moja katikati ya dari haitoshi: Jinsi ya kupanga mwanga nyumbani ili kulinda macho na miguu

Je, macho yako huchoka na kuwasha kila usiku baada ya kusoma kwa muda mfupi tu? Je, mtoto huinamia daftari mpaka pua ikaribie kugusa karatasi? Je, mzee wa nyumbani hupapasa ukuta anapokwenda msalani usiku? Watu wengi wakiona dalili kama hizi hukimbilia kununua balbu yenye nguvu zaidi na kuipachika pale pale palipokuwa na ile ya zamani. Siku mbili tatu baadaye wanagundua kwamba mambo ni yale yale. Aghalabu kasoro haiko katika nguvu za balbu, bali katika mahali taa ilipowekwa.

Ukiingia katika nyumba nyingi za kupanga mijini, utakuta kila chumba kina taa moja tu, nayo ipo katikati kabisa ya dari. Mjenzi aliacha tundu moja katika slebu, waya ukapitishwa hapo, na kazi ikaisha. Mpango huo ni rahisi kwa fundi, lakini haujali mwenye nyumba atakaa wapi, atapika wapi wala atapitia wapi usiku.

Wataalamu wa mwanga hawafikirii taa moja moja. Wao hufikiria matabaka. Mwaka wa 1952 Mmarekani Richard Kelly, aliyekuwa bingwa wa kupanga taa katika majengo, aliugawa mwanga katika aina tatu: mwanga mpana unaoenea kila mahali, mwanga unaoelekezwa mahali fulani, na mwanga wa kumeremeta unaopendeza macho. Mgawanyo huo ungali unatumiwa. Kwa mahitaji ya nyumbani tunaweza kuyaita tabaka la jumla, tabaka la kazi, na tabaka la pambo. Kwa sababu za afya tutaongeza la nne, yaani mwanga hafifu wa njia ya usiku.

Hesabu ndogo inayofumbua macho

Kabla hatujashika kalamu na karatasi, ni vyema msomaji afahamu maneno mawili. Kila pakiti ya balbu huwa na nambari iliyoandikwa pamoja na herufi lm. Hizo ni lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka katika balbu. Wati hukueleza tu ni umeme kiasi gani utakaotumika. Balbu ya kawaida ya LED yenye wati 9 hutoa takriban lumeni 800, sawa na zile balbu za zamani za waya mwekundu zilizokuwa na wati 60.

Neno la pili ni luksi. Hiki ni kipimo cha mwanga unaofika mahali, kwa mfano juu ya meza. Lumeni moja ikitandazwa juu ya eneo la mita moja mraba huwa ni luksi moja. Kusoma na kuandika huhitaji kati ya luksi 300 na 500. Kukaa na kuzungumza hakuhitaji hata 100. Kwa kupita usiku, luksi chache tu zinatosha.

Sasa tuchukue sebule ya mita 4 kwa mita 4.5, yaani mita 18 mraba, yenye balbu moja ya lumeni 800 katikati ya dari. Katika chumba chenye kuta za rangi nyeupe au maziwa, karibu nusu ya mwanga hupotea ukutani, darini na ndani ya kifuniko cha taa. Zinabaki lumeni 400. Zigawe kwa 18 nawe utapata luksi 22. Huo ndio mwanga wa wastani ambao mtoto anatarajiwa kusomea.

Je, tufanye nini ili tupate luksi 300? Tukitaka zienee chumba kizima, tutahitaji lumeni 10,800, yaani balbu 13 au 14 za aina ile. Hakuna atakayekubali gharama hiyo, na chumba kitawaka kama duka la vito. Lakini ukichukua taa ya meza yenye balbu ya wati 5 tu, inayotoa lumeni kama 400, ukaifunika kwa kofia inayoelekeza mwanga chini na kuisimamisha nusu mita juu ya daftari, mwanga utakaofika kwenye daftari hilo utapita luksi 400.

Sababu yake ni kanuni ya umbali. Ukipunguza umbali kati ya taa na kitabu kwa nusu, mwanga unaofika moja kwa moja kutoka kwa taa hiyo huongezeka mara nne. Ukiupunguza hadi robo, huongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana taa ndogo iliyo karibu huishinda taa kubwa iliyo mbali. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na matabaka: mwanga mwingi uwekwe pale panapofanyiwa kazi, na kwingineko pawe na mwanga wa kutosha tu.

Hata hivyo, usije ukasema kwamba taa ya meza pekee inatosha na kuzima zile nyingine zote. Kila mara mtoto anapoinua macho kutoka kwenye daftari linalong'aa na kuangalia chumba chenye giza, mboni za macho hulazimika kupanuka, kisha kujifinya tena anaporudi kusoma. Kazi hiyo ikirudiwa saa mbili mfululizo, macho huchoka na kichwa huuma. Kama kadiri, sehemu zinazoizunguka meza zipate angalau thuluthi moja ya mwanga ulio juu ya kitabu, na pembe za mbali za chumba zisipungue sehemu moja ya kumi.

Chora ramani kwanza

Chukua karatasi ya miraba, futi ya kupimia na penseli. Pima kila chumba, kisha ukichore kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kila mita. Sebule yetu ya mita 4 kwa 4.5 itakuwa na sentimita 8 kwa 9 kwenye karatasi. Onyesha madirisha, soketi zilizopo, na milango pamoja na upande inakofungukia.

Halafu chora fanicha: viti, meza, vitanda, kabati, jiko na sinki. Hapa ndipo wengi hukosea. Huweka taa kwanza na fanicha baadaye, kisha hujikuta taa ya kusomea iko nyuma ya kabati na swichi imefichwa nyuma ya mlango.

Baada ya hapo tia alama ya msalaba mahali pote panapohitaji macho makali: pa kusomea, pa kukatia mboga, pa kushonea, pa kunyolea ndevu na pa kusomea maandishi ya dawa. Kwa penseli ya rangi nyingine, chora mstari wa njia ambazo watu hupita usiku, hasa kutoka kitandani hadi msalani. Kisha panga taa kwa utaratibu huu: kwanza taa za kazi kwenye misalaba, pili taa za njia kwenye mistari, tatu mwanga wa jumla wa kujaza palipobaki, na mwisho kabisa pambo, iwapo fedha zimesalia.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala. Wanaoishi humo ni baba na mama, mtoto wa shule anayeandika kwa mkono wa kulia, na nyanya mwenye umri wa miaka 70. Sebule ni ile tuliyoipigia hesabu. Jikoni ni mita 2 kwa 3. Kuna ujia wa mita 4 unaoelekea vyumbani, na choo na bafu viko pamoja mwishoni mwa ujia huo.

Sebuleni

Msalaba wa kwanza ni meza ya mtoto, iliyo kwenye pembe karibu na dirisha. Kwa kuwa anatumia mkono wa kulia, taa yake ikae upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie maneno anayoyaandika. Anayetumia mkono wa kushoto huwekewa taa upande wa kulia. Ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe chini kidogo ya macho ya mtoto akiwa ameketi. Akiiona balbu yenyewe, taa hiyo imeinuliwa kupita kiasi na itamtia kiwi.

Msalaba wa pili ni kiti cha nyanya. Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kadiri mtu anavyozeeka, mboni za macho hupungua upana na lenzi iliyo ndani ya jicho hugeuka kuwa ya manjano na yenye ukungu. Inakadiriwa kwamba mwanga unaolifikia tabaka la nyuma la jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban thuluthi moja tu ya ule unaofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo nyanya akisema hapaoni pale ambapo wewe unasoma bila taabu, usidhani anadeka.

Lakini lenzi hiyo hiyo yenye ukungu hutawanya mwanga ndani ya jicho, kama kioo cha gari chenye vumbi kinavyofanya kikipigwa na jua. Balbu iliyo wazi mbele ya mzee humpofusha badala ya kumsaidia, na hali huwa mbaya zaidi ikiwa ameanza kupata mtoto wa jicho. Kwa hiyo anahitaji mambo mawili kwa pamoja: mwanga zaidi, na balbu iliyofichwa. Taa ya kusimama isimamishwe kando ya kiti chake, nyuma kidogo ya bega, kofia yake ikielekeza mwanga kwenye mapaja ambako hushikilia gazeti au uzi wa kufumia. Balbu ya lumeni 800 inafaa hapa.

Sasa tuje kwenye mwanga wa jumla. Taa ya katikati ya dari ibaki, lakini ipewe kifuniko cha rangi ya maziwa kinachoficha balbu. Kisha ongeza taa mbili za ukutani, moja kwenye kila ukuta mrefu, zikiwa kimo cha kama mita 1.8 kutoka sakafuni na kuelekeza mwanga wake juu. Dari nyeupe itaupokea mwanga huo na kuurudisha chini ukiwa mpole, usio na vivuli vikali. Zikiwa balbu tatu za lumeni 800, hesabu yetu ya awali inatupa luksi zipatazo 67 katika chumba kizima. Hizo zinatosha kwa mazungumzo, kwa kula na kwa kutazama televisheni. Ukijumlisha zote tatu na taa mbili za kazi, utakuwa umetumia wati 41 hata zote zikiwaka kwa wakati mmoja. Zile balbu 13 zingekula wati 117.

Kwa anayejenga nyumba yake mwenyewe na anayetaka taa mbili darini badala ya moja, kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: umbali kutoka ukutani hadi taa ya kwanza uwe nusu ya umbali kati ya taa na taa. Katika urefu wa mita 4.5, taa ziwe mita 2.25 baina yake, na mita 1.12 hivi kutoka kila ukuta. Ukizisogeza zote katikati, pembe za chumba zitabaki na giza.

Kabla ya kutoboa ukuta, angalia televisheni iko wapi. Taa inayoikabili televisheni itaonekana kama doa jeupe katika kioo chake, na taa iliyo wazi nyuma ya televisheni itawachoma macho watazamaji. Taa za ukutani zikae pembeni.

Kuhusu pambo, tuseme ukutani kuna picha ya harusi ambayo katikati yake ni kimo cha mita 1.6, na dari iko mita 2.6. Taa ndogo ya kumulika picha hiyo ikae darini umbali wa sentimita 60 hivi kutoka ukutani. Hapo mwanga hushuka kwa mshazari wa nyuzi 30, nao haurudishwi na kioo cha picha machoni pa mtazamaji.

Jikoni

Katika jikoni yetu, meza ya kukatia imejengwa kandokando ya ukuta, na taa iko katikati ya dari. Mpishi akisimama mbele ya meza, taa huwa nyuma ya kichwa chake. Kivuli chake mwenyewe huangukia ubao ambao kisu kinapita karibu na vidole. Hata ukitia balbu yenye nguvu maradufu, kivuli kitabaki pale pale, tena kitakolea zaidi.

Dawa ni kuuleta mwanga mbele ya uso wa mpishi. Kama kuna kabati za juu, bandika ukanda wa taa za LED chini ya kabati hizo, kwenye ukingo wa mbele na si nyuma karibu na ukuta. Ukingo wa kabati utaificha taa machoni, na mwanga utafika mahali anapokatia. Kama hakuna kabati, hamisha taa ya dari mpaka iwe juu ya ukingo wa meza, yaani sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani. Iwapo slebu haiwezi kuchimbwa, fundi anaweza kupitisha waya ndani ya mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya dari.

Usiweke ukanda huo juu ya jiko, kwa maana mvuke, mafuta na joto vitauharibu upesi. Hali kadhalika, waya na soketi zikae mbali na sinki. Jambo jingine la kuangalia jikoni ni rangi. Katika pakiti tafuta alama ya CRI. Ikiwa 80 au zaidi, rangi za nyama na mboga zitaonekana karibu na zilivyo. Chini ya hapo nyama na mboga hupoteza rangi zake halisi.

Vyumba vya kulala na njia ya usiku

Kitanda kikishachorwa kwenye ramani, angalia taa ya dari iko wapi. Mara nyingi huwa juu kabisa ya uso wa anayelala, na akilala chali huitazama balbu moja kwa moja. Ama sogeza kitanda, ama ifunike balbu kwa kifuniko kipana. Kisha ongeza taa ya pembeni mwa kitanda, ukingo wa kofia yake ukiwa sentimita 50 hadi 60 juu ya godoro. Kimo hicho humwezesha mtu aliyeketi kitandani kusoma bila ya kuiona balbu.

Kuna sababu ya kiafya ya kuzima ile ya dari mapema. Mwaka wa 2002 wanasayansi walieleza kuhusu chembe maalumu zilizomo nyuma ya jicho ambazo kazi yake kubwa si kuona, bali kuuarifu ubongo iwapo ni mchana au usiku. Chembe hizo huathiriwa zaidi na mwanga wenye ubuluu. Zikichochewa usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi. Kwa hiyo, katika vyumba vya kulala chagua balbu zenye alama ya 2700K au 3000K, ambazo mwanga wake unaelekea rangi ya manjano. Zile za 6500K, nyeupe zenye ubuluu, zisitumike saa za kukaribia kulala.

Sasa fuata kwa kidole ule mstari wa njia ya usiku: kutoka kitanda cha nyanya, mlangoni, kupitia ujia wa mita 4, hadi msalani. Hapa ndipo wazee huanguka, na kwa mtu wa umri wake kuvunjika nyonga ni jambo linaloweza kumlaza miezi mingi.

Wengi hufikiri suluhisho ni kuwasha taa kubwa. Lakini macho yaliyokuwa gizani huhitaji hadi nusu saa kulizoea giza tena kikamilifu. Nyanya akiwasha taa kubwa msalani, akiizima na kugeuka kurudi, huwa kama amefungwa kitambaa usoni. Kinachofaa ni taa tatu ndogo za nusu wati au wati moja, za rangi ya manjano iliyokolea au nyekundu, zikiwa kimo cha sentimita 30 kutoka sakafuni. Moja iwe kando ya kitanda, ya pili katika ujia mahali njia inapokata kona, na ya tatu mlangoni pa msala. Taa iliyo chini humulika sakafu, kizingiti na ncha ya mkeka, yaani vitu vinavyokwaza miguu, bila ya kumpiga mtu machoni. Zipo zinazochomekwa kwenye soketi na kujiwasha zenyewe giza linapoingia, na nyingine zenye betri ambazo huwaka mtu anapopita. Hizi za betri husaidia pia stima inapopotea.

Swichi nazo zina mahali pake. Katika ujia ziwe mbili, moja kila mwisho, zikiunganishwa kwa njia ambayo ukiwasha huku unaweza kuzima kule. Chumbani, moja iwe mlangoni na nyingine pembeni mwa kitanda. Zote ziwe upande wa kitasa cha mlango, kamwe si upande wa bawaba, na kimo chake kisizidi mita 1.2 ili mtoto na mzee wazifikie. Kama nyumba ina ngazi, taa ziwe juu na chini, na kila upande uwe na swichi.

Bafuni

Taa iliyo juu ya kioo hutia kivuli chini ya macho, pua na kidevu, na ndiyo sababu watu hujikata wanaponyoa. Weka taa mbili nyembamba, moja kila upande wa kioo, kwa kimo cha uso na zikiachana kwa kama sentimita 70. Kama kuna nafasi ya taa moja tu, iwe pana na yenye kifuniko cha maziwa.

Maji na umeme ni maadui. Bafuni tumia taa iliyofungwa yenye alama ya IP44 au zaidi, na swichi iwe nje ya mlango. Kazi yoyote ya kuongeza waya katika nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Usijaribu kukwepa gharama kwa kuunganisha ekstensheni moja juu ya nyingine ili ufikishe taa pembeni. Waya hizo hupata moto chini ya mazulia na makochi bila mtu kujua.

Namna ya kukagua kazi

Baada ya kuweka taa, fanya majaribio manne usiku. La kwanza ni la kivuli. Shika kalamu juu ya daftari na kisu juu ya ubao wa kukatia, kama unayefanya kazi. Kivuli kikiangukia pale ncha inapogusa, sogeza taa.

La pili ni la kiti. Keti katika kila kiti na ulale katika kila kitanda, kisha uangalie pande zote. Ukiiona balbu iliyo wazi kutoka mahali popote, ifunike au uishushe.

La tatu ni la kutetema. Baadhi ya balbu za bei ya chini hutetema mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kwa watu fulani huleta maumivu ya kichwa. Ielekeze kamera ya simu kwenye balbu inayowaka. Ukiona mistari myeusi ikipita katika kioo cha simu, irudishe dukani, na hasa usiitumie kwenye meza ya kusomea.

La nne ni la kutembea. Zima taa zote kubwa, kaa gizani dakika 10, kisha utembee kutoka kitandani hadi msalani na kurudi. Usiguse ukuta. Mahali popote utakaposita, hapo ndipo panahitaji taa ndogo.

Mwisho, tusipotoshane. Kusoma katika mwanga hafifu huchosha macho, lakini hakuyaharibu kabisa, na uchovu huo huisha ukipumzika. Wala taa nzuri haiwezi kuchukua nafasi ya jua, kwani watoto wanaocheza nje mchana huwa na hatari ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Na iwapo umeshaweka taa ipasavyo, lakini mtoto angali anaikaribia karatasi au nyanya angali anaona duara za mwanga kuzunguka balbu, basi dosari haiko tena katika dari. Mpeleke akapimwe macho.